Sentensi nne zinatosha: namna ya kujibu tangazo la kazi bila kumwaga kila kitu

Tangazo la kazi likitumwa kwenye kundi la WhatsApp asubuhi, hadi mchana aliyelituma ana meseji nyingi kuliko anazoweza kusoma kwa utulivu. Sisi tunaozipokea, hasa kwenye kampuni ndogo ambako msimamizi wa ofisi ndiye huyo huyo afisa rasilimali watu, tunazisoma kwenye simu huku kazi nyingine zikiendelea. Tunatafuta jambo moja tu kwa wakati huo: huyu aitwe au asiitwe. Anayeelewa hilo anaandika kifupi. Asiyeelewa anatueleza maisha yake yote, na mara nyingi ndiye anayehitaji kazi zaidi.

Nitachukua tangazo moja la kawaida na nilifuate tangu linatumwa hadi mwombaji anaitwa, kwa sababu ushauri wa jumla jumla haumsaidii mtu aliyeshika simu hajui aanzie wapi. Tangazo ni hili:

"Kampuni ya usafirishaji wa mizigo iliyopo Tabata, Dar es Salaam, inatafuta Mhasibu Msaidizi. Awe na diploma ya uhasibu, uzoefu usiopungua miaka miwili, ajue Tally na ritani za VAT. Mwenye nia atume ujumbe na CV kwa WhatsApp kabla ya Ijumaa."

Mwombaji ni dada mwenye diploma, aliyefanya kazi miaka mitatu kwenye duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo. Anafaa kabisa. Lakini ameshachoka na kazi aliyonayo, ana watoto, anaona hii ni nafasi ya kutoka, na akianza kuandika hofu inamshika mkono. Rasimu yake ya kwanza huwa hivi:

"Shikamoo bosi. Mimi ni dada wa miaka 29, nimeolewa, nina watoto wawili, mdogo ana miezi saba. Kwa sasa tunaishi Mbagala kwa shemeji. Nina diploma ya uhasibu na nimefanya kazi miaka mitatu Kariakoo kwenye duka la vifaa vya ujenzi, lakini bosi wangu hatulipi vizuri na namdai mishahara ya miezi miwili. Mshahara wangu ni laki nne. Naomba sana unisaidie, niko tayari kufanya kazi yoyote na naweza kuanza hata kesho. Nimeambatisha vyeti vyote, cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha NIDA."

Hakuna uongo humo. Shida ni kwamba kila sentensi inampa msomaji sababu ya kusita, au inampa mtu asiyemjua kitu cha kumdhuru nacho. Tuipitie.

Umri, ndoa na watoto havikuulizwa kwenye tangazo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inamkataza mwajiri kubagua kwa umri, ndoa, majukumu ya familia, ujauzito, dini, kabila na mengine kadhaa. Kwa hiyo mwajiri makini hahitaji habari hizo kwenye hatua hii, na asiye makini atazitumia kimyakimya bila wewe kujua. Mtoto wa miezi saba, kwa msomaji wa namna hiyo, maana yake ni ruhusa za kliniki. Hatakuambia. Hatapiga simu tu.

Bosi asiyelipa ni jambo zito, na linaumiza. Lakini anayesoma hamjui bosi huyo wala hakujui wewe. Anachokiona ni mtu anayemsema mwajiri wake kwa asiyemfahamu. Madai ya mishahara yana mahali pake, napo ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Dai la aina hiyo linatakiwa kufikishwa ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipotokea, na fomu ya kuanzia ni CMA F1. Huko ndiko pa kulieleza kinagaubaga.

"Naweza kuanza hata kesho" inaandikwa kama sifa, lakini kwa mtu aliye kazini inaleta shaka. Mfanyakazi anayelipwa kwa mwezi, ambaye mkataba wake unavunjwa kwa notisi, anatakiwa kutoa notisi isiyopungua siku 28. Anayeahidi kesho anasema ataondoka bila notisi, na msomaji anajiuliza kama na yeye ataachwa hivyo hivyo siku moja. Kwa kazi ya uhasibu, ambako kuna makabidhiano ya vitabu na risiti, shaka hiyo ni kubwa zaidi.

"Kazi yoyote" nayo inaua. Tumetangaza Mhasibu Msaidizi. Anayetaka kazi yoyote ametuachia sisi kazi ya kumtafutia nafasi.

Mshahara wa laki nne nitaurudia, kwa sababu ndipo pesa inapopotelea. Kwanza viambatisho, maana hapo ndipo hatari yenyewe ilipo.

Tangazo lile halina jina la kampuni. Hilo si ajabu, kampuni nyingi hutangaza hivyo ili zisifurike wageni ofisini. Lakini maana yake ni kwamba dada huyu anatuma nyaraka kwa namba ya simu ambayo hajui ni ya nani. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku yako ya kuzaliwa. Cheti cha kuzaliwa kina jina la mama. Ukiunganisha jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, jina la mama, namba ya NIDA na namba ya simu, umemkabidhi mtu majibu ya maswali mengi anayoulizwa anayejifanya ni wewe. Kuficha umri kwenye meseji kisha ukatuma picha ya kitambulisho ni kazi bure. Na picha uliyotuma WhatsApp haiko mikononi mwako tena, hata ukifuta kwako.

Sasa tuandike upya. Msomaji anahitaji kujua mambo manne: unaomba nafasi ipi, unakidhi vipi vigezo vilivyotajwa, utaweza kuanza lini, na akupate vipi. Kila jambo sentensi moja.

"Habari za asubuhi. Naomba nafasi ya Mhasibu Msaidizi mliyoitangaza leo. Nina diploma ya uhasibu na uzoefu wa miaka mitatu kwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambako naingiza mauzo na manunuzi kwenye Tally na kuandaa ritani za VAT kila mwezi. Kwa sasa nipo kazini, hivyo naweza kuanza siku 28 baada ya kupata barua ya ajira. CV yangu nimeiambatisha, na napatikana kwa namba hii kuanzia saa 11 jioni."

Chini yake jina kamili, basi. Angalia sentensi ya pili, ndiyo inayobeba meseji nzima. Tangazo lilitaja diploma, miaka, Tally na VAT, na vyote vinne vimejibiwa kwa mpangilio ule ule, kila kimoja kikiwa na kitendo: anaingiza, anaandaa. Neno "kuandaa" limechaguliwa kwa makusudi. Ritani ya VAT inawasilishwa TRA kabla au ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata, na kwenye maduka mengi msaidizi anakusanya risiti za mashine ya EFD na kupanga orodha ya mauzo na manunuzi, kisha mhasibu wa nje ndiye anayeingia kwenye mfumo na kuwasilisha. Kama kazi yako inaishia kwenye kuandaa, sema kuandaa. Ukiandika "nawasilisha", kwenye usaili utaulizwa umewahi kufanya nini manunuzi yalipozidi mauzo, na hapo utakwama.

Sentensi ya kwanza nayo ina sababu yake. Meseji ikiingia, simu inaonyesha mstari mmoja au miwili tu kabla ya kufunguliwa. Ukiujaza mstari huo kwa "natumaini u mzima wa afya pamoja na familia yako", anayepokea haoni unataka nini. Salamu ni lazima, ni adabu yetu, lakini fupi, na jina la nafasi lifuate papo hapo. Mbaya zaidi ni anayetuma "Habari" peke yake akasubiri kujibiwa. Siku ya tangazo hajibiwi, si kwa dharau, ni kwamba meseji yake inasukumwa chini na nyingine zinazoingia. "Shikamoo" ina heshima zake, ila hujui unayemwandikia ana umri gani. "Habari za asubuhi" haikosei.

Kifupi kisigeuke kuwa tupu. "Nimevutiwa na nafasi hii, naomba kufikiriwa" ni fupi, lakini haina hata kigezo kimoja, na tunaipata kwa wingi. Yenye taarifa nne hapo juu inasomwa kwa muda ule ule na inatosha kumweka mtu kwenye orodha ya kuitwa.

Mahali pa kujibia pana uzito pia. Usijibu ndani ya kundi. Kundi lina watu mia kadhaa, wakiwemo wanaokaa humo kuvuna namba za watafuta kazi, na huenda bosi wako wa sasa yumo. Fungua mazungumzo ya faragha na namba iliyotajwa. Kama tangazo liko LinkedIn na watu wanajibu chini yake, usiweke namba ya simu pale. Tuma kwa njia iliyotajwa kwenye tangazo. Na usitume ujumbe wa sauti. Hausikilizwi ofisini, na si rahisi kunakili maneno yake kwenda kwa meneja.

Kama wameomba barua pepe, maneno ni yale yale, na kichwa cha barua kiwe hivi, pamoja na namba ya kumbukumbu kama tangazo linayo:

```
Maombi: Mhasibu Msaidizi, Tabata
```

Andika anwani moja tu kwenye sehemu ya anayetumiwa. Wapo wanaoweka anwani za kampuni kumi kwa pamoja, na kila anayepokea anaziona nyingine tisa. Kisha soma jina la kampuni uliloandika mara ya mwisho kabla ya kutuma, maana kunakili meseji ya jana ndiko kunakoleta aibu ya kumwandikia mtu wa Tabata ukimtaja wa Mikocheni. Kama tangazo liko kwa Kiingereza, jibu kwa Kiingereza, sentensi zile zile nne.

Halafu kuna CV, ambayo huvuruga yote. Mtu anaandika meseji safi ya sentensi nne, kisha anaambatisha CV yenye dini, kabila, hali ya ndoa, jina la baba, namba ya NIDA na namba za simu za wadhamini watatu. Tumezoea kuziandika hivyo tangu chuoni. Tengeneza nakala ya pili kwa ajili ya matangazo ya namna hii: jina, simu, barua pepe, wilaya unayoishi, elimu, kazi ulizofanya na ulichokuwa unafanya hasa. Kwa wadhamini andika "Watatajwa wakihitajika". Namba zao ni taarifa zao, na si vizuri wapigiwe na mtu asiyejulikana kabla hawajaambiwa, achilia mbali kwamba mmoja wao anaweza kuwa bosi asiyejua kama unaondoka. Hifadhi kama PDF moja, kurasa mbili, na ipe jina linaloeleweka likiwa peke yake, kwa mfano:

```
CV_JinaLako_MhasibuMsaidizi.pdf
```

Faili linaloitwa "CV mpya final 2" halipatikani tena likishaingia kwenye simu ya mtu.

Tuseme dada yetu ametuma Jumatatu. Jumanne anajibiwa: "Asante. Tuma vyeti na NIDA." Hapa wengi wanatuma mara moja kwa furaha. Jibu zuri ni hili: "Asante kwa kunijibu. Naomba jina la kampuni na mahali ofisi ilipo, kisha nitatuma nakala za vyeti. Kitambulisho nitakuja nacho siku ya usaili." Mwajiri wa kweli hachukizwi na swali hilo, anataja jina, na wewe unaweza kulitafuta kwenye mfumo wa BRELA kuona kama kampuni imesajiliwa, au ukampigia mtu unayemfahamu maeneo ya Tabata. Tapeli anabadilika hapo hapo. Anakuharakisha, anasema nafasi zinajaa leo, anataka pesa ya fomu au ya sare, au anakuomba umsomee namba iliyoingia kwenye simu yako kwa meseji. Likitokea moja kati ya hayo, mazungumzo yameisha, usibishane naye.

Kampuni ikithibitika, tuma cheti cha diploma na matokeo yake. Juu ya kila nakala andika kwa kalamu, kukatiza katikati ya maandishi: "Kwa maombi ya Mhasibu Msaidizi tu", na tarehe. Ukiandika pembeni, maandishi yanakatwa kwenye picha kirahisi. Piga picha mahali penye mwanga wa kutosha, uunganishe zote kuwa PDF moja. Vyeti saba vinavyoingia kama picha saba, viwili vikiwa vimegeuka upande, vinamchosha mtu aliyekuwa ameshaanza kukukubali. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na inambana anayekusanya taarifa zako azitumie kwa lengo alilozikusanyia. Maandishi yale yanalitaja lengo waziwazi kwenye karatasi yenyewe.

Namba ya NIDA, TIN, namba ya NSSF na akaunti ya benki vina wakati wake halali, nao ni baada ya barua ya ajira, kwa sababu bila hivyo huwezi kuingizwa kwenye mishahara. Kabla ya hapo havina kazi kwa mwajiri.

Swali la pili linalokuja ni "Unalipwa kiasi gani sasa?" Tuseme kampuni ya Tabata imetenga laki saba. Ikijua unapata laki nne, laki tano itaonekana nyingi, na tofauti ya laki mbili kila mwezi itakuwa imepotea kwa sentensi moja uliyoiandika bila kuulizwa. Usidanganye kiasi, maana hati ya mshahara inaweza kuombwa. Jibu kuhusu kazi iliyo mbele: "Kwa majukumu yaliyotangazwa natarajia kati ya 650,000 na 750,000 kabla ya makato, na naweza kulizungumzia zaidi nikiyajua majukumu yote."

Maneno "kabla ya makato" yasikosekane. Chukua laki saba. NSSF, kwa mgawanyo wa kawaida, mfanyakazi anakatwa asilimia 10, yaani 70,000, inabaki 630,000 ya kukokotolea kodi. Kwa viwango vya PAYE vya Tanzania Bara vilivyoanza Julai 2021, 270,000 ya kwanza haina kodi, kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8, ambayo ni 20,000, na 110,000 iliyobaki inatozwa asilimia 20, ambayo ni 22,000. Kodi ni 42,000. Mkononi inafika 588,000. Mkikubaliana "laki saba" bila kusema ni kabla au baada, kila mmoja ataondoka na laki saba yake, na utaligundua hilo mwisho wa mwezi wa kwanza. Kwa mwombaji wa uhasibu, kuutaja mgawanyo huo kwa usahihi pia kunamwonyesha msomaji kwamba kazi anaijua.

Kuna mahali ambapo haya yote hayahusiki. Kazi za serikali zinapitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, kwenye Ajira Portal, na kule namba ya NIDA inatakiwa wakati wa kujisajili, vyeti vinapakiwa, na barua ya maombi inasainiwa. Fuata masharti yao neno kwa neno. Meseji ya sentensi nne kule haina nafasi. Na matangazo ya kazi za Oman, Dubai au Qatar yanayoomba picha ya ukurasa wa pasi ya kusafiria kwenye meseji ya kwanza yashughulikiwe kwa ukali kuliko la Tabata. Uliza kwanza jina la wakala na usajili wake. Pasi haitumwi kwa namba ya WhatsApp isiyo na jina.

Ijumaa ikipita bila jibu, subiri hadi katikati ya wiki inayofuata, kisha tuma ujumbe mmoja chini ya ule wa kwanza, ili anayesoma aone vyote pamoja: "Habari za asubuhi. Nilituma maombi ya nafasi ya Mhasibu Msaidizi Jumatatu iliyopita. Naomba kujua kama usaili umeshapangwa. Asante." Usipige simu mara kwa mara na usitume CV upya. Alama za bluu zikionekana na kimya kikaendelea, nafasi hiyo ihesabu imekwenda, na meseji ile ile, ikiwa imebadilishwa sentensi ya kwanza na ya pili kulingana na vigezo vipya, iende kwenye tangazo lingine.